Anti Yangu, Barua Moja na Maboksi Mawili

Wasee, hii si stori ya kuchekesha sana. Anti yangu anaishi Texas. Yeye ni Mkenya, na bwanake ni Mmarekani ambaye wazazi wake walitoka Meksiko. Juzi waliandikisha kijana wao shule, ana miaka mitano. Kwa fomu kulikuwa na swali la asili na rangi. Anti akaliruka, akidhani ni la hiari.

Alipopewa nakala ya rekodi, akapata mtoto ameandikwa Mweusi, basi. Kumbe kule mzazi asipojibu, shule ya umma inatakiwa ijaze yenyewe, hata kama ni kwa kumwangalia tu mtoto. Yaani mtu wa ofisi alimtazama, akaamua.

Akanipigia nimsaidie na barua. Niliacha chuo, lakini kuandika naweza. Ya kwanza aliyoandika ilikuwa kurasa mbili za hasira. Nikamwambia, "Anti, msajili hahitaji stori ya ndoa yenu. Anataka kujua atatiki wapi."

Fomu yao ina maswali mawili. La kwanza: mtoto ni Latino au la? La pili linataja rangi tano, na unaweza kutiki zaidi ya moja. Latino haimo kwa hizo tano, so lazima ujibu yote mawili. Bwanake akasema yeye hujiandika Mweupe.

Barua ikawa fupi: jina la mtoto na tarehe ya kuzaliwa. Swali la asili tuliliacha wazi, na jibu lililojazwa si letu. Tafadhali lirekebisheni. Swali la kwanza, ndiyo. La pili, Mweusi na Mweupe. Tunaomba nakala mpya. Sahihi za wazazi wote wawili.

Wakarekebisha. Lakini hapa ndipo inauma. Shule huhifadhi majibu yote, ila kwa hesabu inayotumwa serikalini, ukishasema ndiyo kwa swali la kwanza, mtoto anahesabiwa Latino pekee. Kundi la "rangi mbili au zaidi" ni la wale waliosema la. Rekodi ya kwanza ilimfuta baba. Hesabu ya sasa inamfuta mama.

Mwaka wa 2024 serikali yao ilipitisha swali moja tu, Latino ikiwa kwa orodha moja na wengine, na unatiki zote zinazokuhusu. Shule ya huyu kijana bado iko na fomu ya zamani.

Nikamuuliza anti, si angetiki la, ndio mtoto ahesabiwe wa asili mbili? Akanyamaza kidogo. "Siwezi kumfuta baba yake ndio mimi nionekane."

Sikuwa na jibu. Ungekuwa wewe, ungetiki wapi?