Pointi 9 kwa 20, na bareme hatukuiona

Wiki hii tunaandika juu ya karatasi moja iliyofika katika kikundi chetu. Ni ripoti ya labo ya binti wa mwaka wa 3 wa umanite, seksiyo ya sayansi. Mwalimu wa fizika aliirudisha na pointi 9 kwa 20. Hapakuwa na maelezo, ila vitarakimu vidogo vya wino mwekundu pembeni na alama moja ya kuuliza. Baba alipoona jibu la mwisho si sawa na la kitabu, akasema mtoto huyu hajui hesabu, mwaka ujao atahamia seksiyo nyingine. Mama yake akatuletea karatasi, kwa sababu kati yetu tuko wawili tunaofundisha sekondari, akauliza: mtoto ameshindwa nini hasa?

Ni ulizo gumu kuliko linavyoonekana. Kila mwalimu aliyepita chuo cha ualimu amefundishwa kuandika bareme kabla ya kusahihisha: sehemu hii pointi kadhaa, sehemu ile pointi kadhaa, jumla 20. Lakini bareme hiyo hubaki katika kaye ya mwalimu. Si siri. Mwenye wanafunzi 60 darasani na ubao mmoja hana mahali pa kuiandikia kila mtu. Kwa hiyo mzazi anapokea jumla tu, na jumla haisemi mtoto amepoteza wapi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya penduli. Mtoto anafunga jiwe kwenye uzi, ananing'iniza, anavuta jiwe kidogo pembeni na kuliachilia. Anapima kwa krono ya simu muda wa mabembeo 10, yaani kwenda na kurudi mara kumi, kisha anagawanya kwa 10. Anafanya kumi kwa sababu kidole huchelewa kidogo kubonyeza. Ucheleweshaji ule ule ukigawanywa kwa kumi unakuwa mdogo. Halafu anatafuta g, kipimo cha nguvu ambayo dunia inavuta nayo vitu, kwa njia hii:

g = 4π²L/T²

L ni urefu wa penduli kwa meta, T ni muda wa bembeo moja kwa sekunde.

Binti aliandika L = 0,50 na sekunde 14,5 kwa mabembeo 10, basi T = 1,45. Tulirudia hesabu yake kwa kalkuleta, ikatoka 9,39 kama alivyoandika. Kitabu kinasema 9,81. Hapo ndipo baba alipokasirika.

Tulianza na kitu ambacho wengi wanakiruka: kujumlisha vitarakimu vya pembeni. Kwenye lengo palikuwa 1, kwenye namna ya kufanya 2, kwenye tablo ya vipimo 3, kwenye hesabu 3, kwenye hitimisho 0 na ile alama ya kuuliza. Jumla ni 9. Hiyo ilitufaa sana, maana ingekuwa 8 au 10 tungejua kuna kosa la kujumlisha, na hilo mwalimu angelirekebisha palepale bila ubishi. Kwa vile zilikubaliana, tulijua kwamba pointi zote alizopata ziko mbele yetu. Tusichojua ni kila sehemu ilikuwa juu ya ngapi. Je, 3 ya hesabu ni 3 kwa 3, au 3 kwa 8?

Ili kujua hilo karatasi moja haitoshi. Binti akaomba ya rafiki yake wa darasa lile lile, aliyepata 15. Ni lazima iwe kazi ile ile na mwalimu yule yule. Ripoti ya dada yake ya mwaka jana isingesaidia kitu, bareme inabadilika. Na tulimwomba rafiki mwenyewe ruhusa, kwa sababu ripoti ni kitu chake, na si kila mtoto anapenda karatasi yake izunguke katika nyumba za watu.

Kwa rafiki tulisoma 1, 3, 4, 3, 4. Jumla 15. Sasa weka karatasi mbili pamoja. Kama rafiki alipata 4 kwenye hitimisho, basi hitimisho lilikuwa juu ya 4 au zaidi, haliwezi kuwa chini. Tablo nayo ni 4 au zaidi, namna ya kufanya 3 au zaidi. Na tofauti ya pointi 6 kati ya watoto hawa tukaiona yote: 1 kwenye namna ya kufanya, 1 kwenye tablo, 4 kwenye hitimisho.

Kwenye hesabu wote wawili wana 3. Rafiki alipata g ya 9,75, karibu sana na kitabu, na binti wetu 9,39, mbali kidogo. Lakini pointi ni sawasawa. Maana yake mwalimu hakulipa ukaribu na kitabu. Alilipa njia: je, mtoto ametumia vipimo vyake mwenyewe, ameweka namba mahali pake, amefika mwisho bila kuteleza? Binti alifanya hayo yote. Tulipoonyesha baba hapo, alisoma mara mbili na kunyamaza.

Basi 0 ilitoka wapi? Tulisoma hitimisho kwa sauti. Binti aliandika: «Tumepata g = 9,81, jaribio limefaulu.» Lakini ukurasa mmoja kabla, hesabu yake inasema 9,39. Alama ya kuuliza ya mwalimu iko pale pale, juu ya 9,81. Watoto wengi wanafanya hivyo, na sisi tunaosahihisha tunaliona kila mwaka: wanaogopa jibu lao, wanaandika la kitabu. Kwa macho ya mwalimu hitimisho hilo halina pa kulipwa, kwa sababu halikutoka katika tablo. Rafiki aliandika: «Nimepata 9,75. Inapungua kidogo kwa 9,81. Labda ni krono.» Sentensi tatu fupi, na mojawapo ni ya kubahatisha, lakini zilileta pointi 4.

Na kosa la 9,39 lenyewe lilikuwa dogo ajabu. Tulimwomba binti atuletee uzi na jiwe. Uzi kutoka kwenye msumari hadi fundo ni sentimeta 50, kweli kabisa. Lakini urefu wa penduli hauishii kwenye fundo, unaishia katikati ya jiwe, na kutoka fundo hadi katikati ya jiwe lile ni sentimeta 2. Tukaweka 0,52 mahali pa 0,50, tukaacha sekunde zake zile zile, na g ikawa 9,76. Huku kwetu karibu na ikweta g halisi ni karibu 9,78. Ile 9,81 ya kitabu ni ya Ulaya. Mikono ya mtoto na krono yake vilipima vizuri. Angeandika tu «nimepata 9,39, huenda nimepima uzi bila kuhesabu jiwe», angekuwa na hitimisho zuri kuliko la rafiki yake.

Kwenye tablo tofauti ilionekana kwa macho: rafiki aliandika «s» na «m» juu ya safu na alipima mara tatu. Binti alipima mara moja na kuacha namba bila vipimo. Kwenye namna ya kufanya aliandika «tulifunga jiwe tukalibembeza» bila kusema alilivuta kiasi gani. Kulivuta mno kunaongeza muda, kwa hiyo msomaji anahitaji kujua.

Zilibaki pointi 5, maana hata rafiki hakuzipata. Hapo karatasi mbili hazikuweza kutusaidia tena. Tukafungua kaye ya binti mahali mwalimu alipoamuru kazi, tukapiga mstari chini ya kila kitendo: pima, andika katika tablo, hesabu, linganisha, chora. Chora! Hakuna hata mmoja aliyechora kifaa. Tukakisia kwamba zote 5 ni za mchoro.

Makisio si bareme, na mzazi asiende shuleni na makisio kana kwamba ni sheria. Mama alikwenda na ulizo moja alilolishika kichwani: «Mwalimu, naomba kujua mchoro ulikuwa juu ya pointi ngapi, na hitimisho juu ya ngapi.» Hakuuliza «kwa nini umempa 9», maana hapo mwalimu yeyote anaanza kujitetea. Mwalimu alifungua kaye yake bila shida akamsomea: lengo 1, namna ya kufanya 3, tablo 5, hesabu 3, hitimisho 5, mchoro 3. Kumbe mchoro ulikuwa 3 tu. Zile 2 nyingine rafiki alizipoteza kwenye tablo na hitimisho, moja moja.

Pointi 9 zilibaki 9, na katika bileteni zinaingia katika periode kama zilivyo. Hatukuomba zibadilishwe, hapakuwa na sababu. Lakini sasa nyumbani wanajua kwamba kati ya pointi 11 alizopoteza, 8 ni za hitimisho na mchoro, na kwenye hesabu, ambayo ndiyo iliyoleta maneno yote, alipata 3 kwa 3. Baba amesema suala la seksiyo litangoja mwisho wa mwaka.

Kazi inayofuata ni ya ressori na mizigo midogo. Binti amekwisha kuuliza kabla ya kuanza, na mwalimu amejibu darasa zima: safari hii kuna grafu, na grafu ina pointi 6. Tunatafuta karatasi ya milimita. Anayejua duka linaloiuza kwa karatasi moja moja, si kwa pakiti, atuambie siku ya mkutano.