Waifai Yako Inakutaja Jina Hadi kwa Geti

Hebu washa waifai ya simu yako ukiwa kwa ngazi za ploti yenu. Usiunganishe chochote, soma tu majina. Mimi nilifanya hivyo kwetu Muthangari na kabla nifike ghorofa ya pili nilikuwa nimejua nani anaishi nyumba gani na ametumia ruta ya kampuni gani.

Yetu ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Ilisoma `Wanjiru_B7`. Wanjiru ni mimi, B7 ni mlango wetu. Niliiita hivyo siku ruta ilipofungwa, nikaona iko poa.

Halafu jioni moja mathe akanipigia nikiwa tauni. "Wanjiru, kuna fundi hapa anasema amekuja kucheki ruta yetu ya TP-Link. Ni wewe umemtuma?" Nikamwambia asifungue. Jamaa aliposikia mathe yuko kwa simu, alishuka ngazi na hakurudi.

Kilichonishtua ni hiki: soja alisema alimruhusu kwa sababu alitaja jina na nyumba bila kusita. Na mlangoni alimwita mathe "Madam Wanjiru." Hakuna mtu kwa ploti yetu anamwita hivyo. Yeye ni Mama Brayo, kwa kaka yangu mkubwa. Mahali pekee ambapo Wanjiru na B7 viliandikwa pamoja ni kwa waifai. Siwezi kuapa mbele ya hakimu, lakini sioni alikotoa kwingine.

Na TP-Link je? Si nilibadilisha jina? Hapo ndipo nilijifunza. Ruta nyingi za siku hizi zinatoa mitandao miwili: wa 2.4 GHz unaofika mbali, na wa 5 GHz wenye kasi lakini unachoka kwa kuta. Nilikuwa nimebadilisha ule wa kwanza tu. Wa pili uliendelea kupiga kelele `TP-LINK_4C2E_5G`, jina la kiwandani.

Usiku huo nilikaa chini nikafanya kazi vizuri. Nilipindua ruta nikasoma stika ya chini. Yangu ilisema nifungue `192.168.0.1` kwa brauza. Yako inaweza kuwa `192.168.1.1`, fuata stika. Kwanza nilibadilisha paswadi ya kuingilia hapo ndani, kwa sababu anayejua aina ya ruta anajua pia ajaribu nini, kama vile `admin` na `admin`. Kisha nikaingia sehemu iliyoandikwa `Wireless`, nikatafuta `SSID`, ambalo ndilo jina la mtandao, nikalibadilisha kote kuwili. Una nafasi ya herufi 32.

Nilichagua `maembe_mabichi`. Haina jina langu, mlango, kampuni, wala tusi la kumfanya jirani atake kujua ni nani. Pia jina lisilo la kawaida linasaidia paswadi yenyewe: kwenye WPA2, jina la mtandao huchanganywa na paswadi kutengeneza ufunguo. Kwa majina yanayopatikana kila mahali, wahuni wanaweza kuandaa hesabu zao mapema. Kwa `maembe_mabichi` lazima waanze upya. Lakini usijidanganye: paswadi ikiwa `12345678`, jina halitakuokoa.

Ukisevu, kila kitu kinakatika. Usishtuke. Simu na tivii zinatafuta lile jina la zamani, kwa hivyo unaunganisha upya moja moja, hata kama paswadi ni ileile. Mathe alikosa habari za saa moja na nikasikia maneno.

Mwisho nilirudi kwa ngazi na simu. Nikaona `maembe_mabichi`, na hakuna `TP-LINK` wala Wanjiru. Kama jina la zamani bado liko, kuna mtandao umesahau, labda ule wa wageni.

Kuna mtu ataniambia, "Si ufiche jina kabisa?" Hapana. Ukilificha, simu yako ndiyo inaanza kuliita kila unakoenda, hadi ndani ya matatu. Na mjue pia, kila ruta hutangaza namba yake ya kifaa, na nusu ya kwanza ya namba hiyo mara nyingi inaonyesha kampuni iliyoitengeneza. Mwenye apu ya kusoma namba hizo bado ataijua. Hiyo jina haliwezi kuzuia.

Lakini jamaa wa mlangoni hakuhitaji apu. Alihitaji tu kusoma, na mimi ndiye nilikuwa nimemwandikia. Siku hizi akija, atalazimika kumwambia soja anatafuta maembe.