Jua Liliwekwa Upande Gani?
Miaka kadhaa iliyopita nilichora ramani ya mipasuko ya miamba kuzunguka Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, kabla sijakanyaga huko. Nilitumia vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa kwa rada kutoka chombo cha angani Endeavour, Februari 2000. Kompyuta huvigeuza vipimo hivyo kuwa picha ya vivuli: mchoraji huamua jua litoke wapi, nayo huangaza mteremko mmoja na kutia giza mwingine. Mimi niliweka jua kaskazini. Nchi ikaonekana tambarare, nami nikaandika kwamba mipasuko ni michache.

Nilikosea vibaya. Mipasuko mingi ya Magadi huelekea kaskazini na kusini, na nuru inayokwenda sambamba na ukuta haiupi kivuli. Nilipolihamishia jua magharibi, kuta zilijitokeza moja baada ya nyingine, kama matuta ya shamba. Tangu siku hiyo hulizungusha jua pande zote kabla ya kuchora mstari hata mmoja.

Hata hivyo, si kila mstari ni mpasuko. Katika picha ya setilaiti, njia ya mifugo nayo hunyooka. Hapo hurejea kwenye vipimo vya mwinuko: mpasuko ulioshusha ardhi huacha ngazi, mwamba uleule wa trakaiti ukiwa juu upande mmoja na chini upande wa pili. Njia haina ngazi.

Basi, ndugu msomaji, ukiletewa ramani isemayo mahali pa kujenga bwawa hapana mpasuko, uliza kwanza: jua liliwekwa upande gani?