Sekunde Mbili za Kinga: Kutoka Mario hadi Sans

Katika gemu nyingi za kuruka na kupigana, mhusika akishaguswa na adui huwakawaka kwa muda mfupi, na katika muda huo hadhuriki. Muda wenyewe hupimwa kwa fremu, yaani picha moja moja zinazochorwa kwenye kioo, ambazo mara nyingi ni 60 kwa sekunde. Kinga hii ilianza kama haja ya kihesabu. Kila fremu programu huuliza swali lile lile: je, mwili wa mchezaji umegusana na mwili wa adui? Miili miwili ikigongana haiachani papo hapo. Hubaki imepandana kwa fremu kumi, ishirini au zaidi, na kila mara jibu ni ndiyo. Kwa mfano, mhusika Mega Man ana vipande 28 vya uhai. Bila kinga, hata adui dhaifu anayepunguza kipande kimoja kwa mguso angemmaliza katika nusu sekunde, kabla kidole hakijafika kwenye kitufe.

Dawa ni kihesabio kinachowekwa namba mchezaji anapoumia, kisha kikashuka kwa moja kila fremu. Kabla hakijafika sifuri, mguso hauna nguvu:

```
if kinga > 0:
    kinga = kinga - 1
elif imegusa(mchezaji, adui):
    uhai = uhai - 1
    kinga = 120
```

Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ina kihesabio cha aina hii. Mario mkubwa akiguswa, kila kitu kinasimama wakati anaponywea na kuwa mdogo, kisha gemu inaendelea huku akiwakawaka na kupita katikati ya maadui bila kuumia. Namba inayowekwa ni 8 tu, lakini kihesabio hicho hushuka mara moja kila baada ya fremu 21, kwa hiyo kinga inakaribia sekunde tatu. Huo ni ukarimu mkubwa, na una sababu: Mario mdogo akiguswa tena anakufa. Shimo, hata hivyo, halikuhusika na kinga hiyo. Anayetumbukia anakufa, awe anawakawaka au la.

Kule kuwakawaka kulichaguliwa kwa kuwa hakugharimu kitu. Mashine za wakati huo hazikuweza kuchora mhusika anayeonekana nusunusu, lakini kuacha kumchora kwa fremu kadhaa, kisha kumrudisha, kulikuwa rahisi. Ishara hiyo ilieleweka bila maelezo, na ndiyo maana bado inatumika kwenye mashine zinazoweza kuchora karibu chochote.

Swali lililowasumbua watunzi katika miaka iliyofuata ni kinga imkinge mtu na nini. Katika Mega Man ya kwanza, ya mwaka 1987, miiba ya sakafuni huua papo hapo, na huua hata mchezaji anayewakawaka. Mwaka uliofuata, Mega Man 2 ilibadilisha jambo hilo: anayewakawaka hukanyaga miiba salama. Badiliko hilo dogo liligeuza kinga kuwa chombo cha kuchezea. Mchezaji mjanja hujiachia aguswe na adui mdogo, apoteze uhai kidogo, kisha avuke miiba ambayo ingemuua.

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha Sonic the Hedgehog, gemu ya Sega ya mwaka 1991. Sonic hana mistari ya uhai; ana pete. Akiguswa akiwa na pete hata moja, pete zinatawanyika na anabaki hai. Akiguswa bila pete, anakufa. Mguso unamrusha juu na nyuma, na akitua anapewa kinga ya fremu 120, yaani sekunde mbili, akichorwa kwa fremu nne na kufichwa kwa nne. Kuna kipengele ambacho wengi walikihisi bila kukijua: katika robo ya kwanza ya muda huo hawezi kuokota pete. Bila kizuizi hicho angezirudisha zote pale pale alipoangukia, na adhabu isingekuwa adhabu.

Hesabu hiyo ilikuwa ya televisheni za Japani na Marekani. Kwenye televisheni za mfumo wa PAL, uliotumika Ulaya na pia Kenya na Tanzania, mashine ilichora fremu 50 kwa sekunde. Namba 120 haikubadilishwa, kwa hiyo kinga ilidumu sekunde 2.4. Lakini gemu nzima nayo ilikwenda polepole, hata muziki, basi mchezaji hakupata faida yoyote.

Gemu hiyo ilitoka na kasoro. Programu ya miiba ilikagua kama Sonic ana kinga ya nyota, ile anayoipata kwa kuvunja kisanduku, lakini haikukagua kihesabio cha kuwakawaka. Matokeo yake yalikuwa ya kikatili. Sonic mwenye pete 50 anaangukia miiba. Pete zinatawanyika, anarushwa nyuma, anatua juu ya miiba mingine akiwa bado anawakawaka. Kwa adui wa kawaida angekuwa salama. Kwa miiba anahesabiwa kuwa mtu asiye na pete, na anakufa. Anayetaka kuthibitisha anaweza kulinganisha: amwache Sonic aguswe na adui mara mbili haraka, kisha afanye hivyo kwa miiba. Katika Sonic 2, ya mwaka 1992, miiba iliheshimu kinga kama maadui wengine. Wapo waliotetea kasoro ile kuwa ukali wa makusudi, lakini hoja hiyo ni dhaifu. Kinga inayoonekana kwa macho na isiyofanya kazi inamdanganya mchezaji.

Baadaye tatizo lilihamia kwenye uwiano. Kihesabio kimoja hakijali ukubwa wa pigo: mguso wa mdudu unaopunguza uhai kidogo unaleta kinga sawa na pigo la jitu, na hivyo mdudu anakuwa ngao. Terraria, ya mwaka 2011, ina jibu rahisi. Pigo la kawaida huleta fremu 40 za kinga, lakini pigo linalopunguza uhai kwa 1 huleta 20 tu. Gemu hiyo pia iliifanya kinga kuwa mali: mkufu uitwao Cross Necklace huongeza muda mara mbili. Hollow Knight, ya mwaka 2017, ilifuata njia hiyo kwa kiasi zaidi; kinga yake ya sekunde 1.3 hufika 1.75 kwa anayevaa hirizi ya Stalwart Shell.

Undertale, ya mwaka 2015, nayo inauza vifaa vya kurefusha kinga, na mchezaji huizoea kwa saa nyingi. Kisha, kwa anayechagua njia ya kuua kila mtu, anatokea Sans. Kila pigo lake hupunguza uhai kwa 1 tu, namba inayoonekana kama mzaha, lakini mapigo yake hayaleti kinga. Gemu hiyo huenda kwa fremu 30 kwa sekunde, na mchezaji anayefika pale kwa kawaida ana uhai wa 92. Akibaki ndani ya pigo bila kutoka, hesabu peke yake inampa sekunde tatu hivi, na kwa kweli ni pungufu, kwa sababu kila mguso huacha sumu inayoendelea kula uhai hata baada ya kutoka.