Mgeni ndani ya kompyuta: funga milango ya uani

Leo naongelea wageni, ila si wale wa kuletewa chai na karanga. Ni mgeni anayeishi ndani ya kompyuta yako.

Kwa wasiomjua: kuna programu, VirtualBox ndiyo maarufu kwa kuwa ni ya bure, inayokuwezesha kuendesha kompyuta nyingine nzima ndani ya hii uliyo nayo. Kompyuta yako halisi ndiyo mwenyeji, hiyo ya ndani ni mgeni. Kwa sisi wa habari ni chombo kizuri mno. Mtu amekuja toka Gehandu kakuletea flashi ya kesi ya shamba: muhtasari wa mkutano wa kijiji, picha za mipaka, barua tatu nne. Flashi imepita steshenari mbili Katesh na mikono usiyoijua. Huifungui kwenye kompyuta yenye majina ya watu wako, unaifungua kwa mgeni. Akiugua, unamfuta na kuanza upya.

Hapo sawa kabisa. Tatizo linaanza pale tunapomzoea. Kukopi kitu kwa mwenyeji na kupesti kwa mgeni hakukubali, inakera. Unatafuta msaada mtandaoni, unaambiwa weka Guest Additions, kisha kwenye Shared Clipboard na Drag and Drop chagua Bidirectional, halafu ongeza folda ya pamoja. Dakika tano tu na kila kitu kinapita. Kumbuka VirtualBox yenyewe inakuja na hivyo viwili vikiwa Disabled. Aliyefungua ni mwenye nyumba.

Tuanze na kukopi. Watu wengi wanadhani kitu kinavuka pale wanapopesti. Sivyo. Ukishachagua Bidirectional, unachokopi kwa mwenyeji kinakuwa tayari kusomwa na mgeni saa hiyo hiyo, na programu yoyote iliyo ndani yake inaweza kukichukua bila wewe kugusa kitu. Sasa fikiria. Muhtasari wa Gehandu uko wazi upande wa mgeni. Upande wa pili unakopi namba ya simu ya yule mzee aliyekupa taarifa ili umtumie ujumbe, kisha unakopi nywila ya barua pepe. Vyote viwili vimeshapita mkononi mwa mgeni. Kama yule PDF alikuja na kirusi na mgeni ana intaneti, namba ya mzee imeondoka, na kwenye kesi ya shamba jina la mtoa taarifa si jambo dogo. Kwenye skrini hutaona chochote.

Kujua kama uko hivyo ni rahisi. Kopi neno lolote kwa mwenyeji, fungua Notepad kwa mgeni, bonyeza Ctrl+V. Likitokea, mlango uko wazi.

Njoo kwenye folda za pamoja, maana huku kuna kisa cha kweli. Mei 2020 kampuni ya usalama ya Sophos ilieleza shambulio la genge la Ragnar Locker, wale wanaofunga mafaili ya watu kisha wanadai fidia. Wakiwa tayari wameingia kwenye mtandao wa kampuni, waliweka VirtualBox ya zamani, ya mwaka 2009, kwenye kompyuta za watu, na ndani yake mgeni wa Windows XP aliyepunguzwa mpaka faili lake likawa na megabaiti 282 tu. Kirusi chenyewe kilikaa ndani ya mgeni, kikiwa na kilobaiti 49.

Kilitokaje nje? Hakikuvunja ukuta. Kabla ya kumwasha mgeni, skripti yao ilihesabu diski zote za mwenyeji na kumpa kila moja kama folda ya pamoja. Yeye akaziona kama diski zake na kuanza kufunga mafaili moja baada ya jingine. Antivirusi ya mwenyeji haikuweza kukifikia kirusi kilichokuwa ndani, na kwa nje ilichoona ni VBoxHeadless.exe, programu halali ya VirtualBox, ikiandika kwenye mafaili. Halali juu ya halali!

Somo ni hili: folda ya pamoja yenye ruhusa ya kuandika ni kipande cha diski yako ulichomkabidhi mgeni. Wale jamaa waliifungua kwa makusudi. Anayemgawia mgeni folda nzima ya Documents ili kujirahisishia kazi anaufungua mlango ule ule kwa mkono wake.

Kuburuta na kudondosha ni hadithi nyingine. Ili faili livuke kwa kulivuta na mausi, programu ya mwenyeji lazima ipokee na kuchambua ujumbe unaotoka kwa mgeni. Ujumbe ukitungwa kwa hila na programu ikiwa na kasoro, mgeni anaendesha mambo yake nje. Machi 2017 VMware walitoa marekebisho ya kasoro ya namna hiyo kwenye Workstation na Fusion, na wakasema haiwezi kutumika iwapo kuburuta na kukopi vyote vimezimwa. Folda nazo ziliwahi kuwa na yao: Februari 2008 ilitangazwa kasoro ya VMware kwenye Windows ambapo mgeni aliyepewa folda moja aliweza kusoma na kuandika popote kwenye diski ya mwenyeji. Zote zilizibwa, ila zinaonyesha kwamba mlango uliofungwa unakukinga hata na kasoro ambayo bado haijagunduliwa.

Basi kwa mgeni usiyemwamini, mzime kwanza, kisha andika hivi (hapa nimemwita Mgeni, na hii ni kwa VirtualBox 7):

```
VBoxManage modifyvm "Mgeni" --clipboard-mode=disabled
VBoxManage modifyvm "Mgeni" --drag-and-drop=disabled
VBoxManage modifyvm "Mgeni" --nic1=none
VBoxManage snapshot "Mgeni" take safi
```

Mstari wa tatu unamkatia mtandao. Wa nne unapiga picha ya hali yake akiwa msafi, ili ukimaliza umrudishe hapo.

Kuingiza mafaili, tengeneza folda tupu, weka humo lile faili moja tu, kisha impe kwa kusoma peke yake:

```
VBoxManage sharedfolder add "Mgeni" --name=ingia --hostpath="C:\ingia" --readonly
```

Usisahau kwamba --readonly inazuia kuandika, haizuii kusoma. Chochote kingine utakachoacha humo, mgeni anakiona. Ukimaliza, iondoe.

Na kutoa je? Hapa ndipo wengi wanarudi kuwasha Bidirectional. Huna haja. Soma ndani kwa ndani, na kama unahitaji ushahidi wa ukurasa, mwambie mwenyeji apige picha ya skrini ya mgeni:

```
VBoxManage controlvm "Mgeni" screenshotpng ukurasa1.png
```

Inayotoka ni picha tu ya kile unachokiona. Faili lenyewe linabaki lilipo. Namba za viwanja na tarehe utaziandika kwa mkono, ndiyo, kama enzi za notibuku. Muhtasari wa kurasa sita unakula kama nusu saa. Yule mzee wa Gehandu amekukabidhi jina lake, nusu saa hiyo ni haki yake.