Unga Ambao Haukuwa Kwenye Orodha

Nilitoka Mombasa kwenda California kusoma kemia, na masomo yalipokwisha nikaajiriwa kuwa msaidizi katika maabara ya uchunguzi wa jinai. Kazi haikuwa na makeke. Polisi walileta vifuko vya unga, sisi tukapima, tukaandika jina la kilichomo, na jina hilo ndilo lililompeleka mtu jela. Wakati huo sikujua kwamba mashtaka yote yamesimama juu ya neno moja tunaloliandika kwenye fomu.

Mwishoni mwa 1979, kaunti ya Orange, kusini mwa Los Angeles, watu walianza kufa kwa namna iliyozoeleka: alama ya sindano mkononi, mapafu yamejaa maji, masalia ya unga pembeni. Kila aliyewaona alisema heroini. Ila damu ilipopimwa haikuwa na heroini wala mofini, na unga wenyewe ulikuwa karibu wote sukari ya maziwa. Mtaani waliuita Mweupe wa China, jina lililotumika zamani kwa heroini safi ya Asia. Wauzaji, na pengine hata wanunuzi, waliamini ni heroini kweli.

Jibu lilitoka kwa wakemia wa DEA, idara ya serikali kuu ya kupambana na dawa za kulevya. Ndani ya ile sukari mlikuwa na chembe za alfa-methilifentanili. Fentanili yenyewe ni dawa ya upasuaji iliyobuniwa na Paul Janssen wa Ubelgiji, nguvu yake mara 100 hivi ya mofini, na ilikuwa imeshaorodheshwa kisheria. Huyu mtengenezaji aliongeza kaboni moja tu na haidrojeni zake kwenye mnyororo mfupi ulio katikati ya molekuli. Mashine yetu huvunja molekuli na kupima uzito wa vipande vyake. Fentanili huacha kipande kikuu chenye uzito wa 245, na huu unga uliacha 259. Tofauti ni 14: kaboni moja ni 12, haidrojeni mbili ni 2. Hiyo 14 ndiyo iliyomtenganisha mhalifu na mfanyabiashara asiye na hatia, maana kuuza kitu hicho halikuwa kosa kabisa.

Nakumbuka mwendesha mashtaka mmoja alivyokuja na faili lake.

"Ni fentanili?" akauliza.

"Si fentanili, bwana. Ni nduguye."

"Simfungi mtu kwa jina la nduguye. Nipe jina lililo kwenye orodha."

Hatukuwa nalo. Wala si kwamba alikuwa mkaidi, kwani mtu haadhibiwi kwa kosa ambalo sheria haikulitaja kabla hajalitenda. Kanuni hiyo inamlinda muuza unga kama inavyokulinda wewe na mimi, na sijawahi kutamani iondolewe.

Alfa-methilifentanili iliingizwa kwenye orodha Septemba 1981. Hesabu mwenyewe: karibu miaka miwili tangu watu waanze kufa. Uvivu haukuwa sababu. Utaratibu wa kawaida ulidai wataalamu wa afya watathmini dawa hiyo inafanya nini mwilini na inatumiwaje vibaya, tangazo litolewe, wananchi wapewe nafasi ya kupinga, ndipo uamuzi utoke. Hatua hizo ziliwekwa kwa ajili ya dawa za viwandani, ambazo kampuni huandika kila kitu kuzihusu. Kwa unga uliopikwa kwa siri hakuna maandishi yoyote. Ushahidi pekee wa madhara yake kwa binadamu ni maiti, kwa hiyo ushahidi ulikusanyika kadiri watu walivyokufa.

Hata kabla wino haujakauka, ndugu wengine walishaingia mtaani. Mmoja alikuwa na florini mahali pa haidrojeni. Mwingine, 3-methilifentanili, ndiye aliyetutesa zaidi. Ile kaboni ya ziada ilikuwa imehamishwa tu kutoka kwenye mnyororo hadi kwenye pete iliyo jirani. Uzito ni ule ule, na kipande kikuu ni kile kile cha 259. Ukitazama karatasi ya mashine kwa haraka ungeapa ni dawa ya zamani. Hutofautiana katika vipande vidogo na katika muda wa kupita kwenye bomba la mashine, na hilo huwezi kulithibitisha mpaka uwe na sampuli safi ya kulinganishia. Nani atakuuzia sampuli safi ya kitu ambacho hakuna kiwanda kinachokitengeneza? Na kuhama huko kwa kaboni moja kulifanya dawa iwe kali maradufu na zaidi, hata kiasi cha kuua kikawa hakionekani kwa macho. Gary Henderson wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliyezifuatilia dawa hizi kwa karibu, ndiye aliyezipa jina la dawa za kubuniwa makusudi.

Bunge lilijibu mara mbili. Mwaka 1984 lilimruhusu Mwanasheria Mkuu kuorodhesha dawa kwa dharura, baada ya notisi ya siku 30, kwa mwaka mmoja unaoweza kuongezwa miezi sita. 3-methilifentanili ilinaswa kwa njia hiyo 1985. Lakini bado ilibidi dawa ionekane kwanza, itambuliwe, ndipo itajwe. Oktoba 1986 Rais Reagan alitia saini sheria ya pili, iliyoiacha orodha kabisa: kitu chochote kilichokusudiwa kutumiwa na binadamu, chenye umbo na athari zinazofanana kwa kiasi kikubwa na za dawa kali iliyokatazwa, kihesabiwe kama ile iliyokatazwa.

Maabara walishangilia. Mimi nilibaki na swali: kufanana kunapimwa kwa mashine gani? Uzito tunaupima, kiwango cha kuyeyuka tunakipima, lakini hakuna kipimo cha kemia kinachosema molekuli mbili "zimefanana kiasi cha kutosha". Tulikwisha kuona kwamba kaboni moja ikihama, athari hubadilika kabisa. Mwaka 1992 jambo hilo lilifika mbele ya jaji wa shirikisho huko Colorado, katika kesi ya Forbes. Dawa iliyohusika, AET, iliwahi kuuzwa madukani kama dawa ya huzuni. Wakemia wa serikali yenyewe hawakukubaliana kama inafanana na ile iliyokatazwa. Jaji akaamua kwamba, kwa dawa hiyo, sheria ilikuwa na utata mno kumtia mtu hatiani. Ikiwa wakemia wanabishana, raia wa kawaida angejuaje? Nadhani alihukumu sawa. Wauzaji nao walishalisoma lile sharti la "kutumiwa na binadamu", na vifuko vikaanza kuandikwa kwamba si vya kuliwa.

Siku hizi, nikiwa mstaafu, mpwa wangu aliye wakili huniambia, "Mjomba, si wangepiga marufuku ukoo mzima tu?" Wamefanya. Februari 2018 Marekani ilikataza kwa dharura jamii yote ya fentanili, ikieleza ni sehemu zipi za molekuli zikibadilishwa bado ni kosa. China ilifuata Mei 2019, na Julai 2025 katazo la Marekani likafanywa la kudumu. Kwa fentanili, huu ndio utunzi bora wa sheria niliouona, ingawa unakataza hata molekuli ambazo hakuna aliyewahi kuzijaribu na ambazo huenda zingekuwa tiba.

Ila wapishi wamehamia ukoo mwingine. Nitazini zilibuniwa na kampuni ya Ciba ya Uswisi miaka ya 1950 zikaachwa kabatini, na umbo lake halina uhusiano na fentanili. Sheria ya 2025 haizigusi. Marekani inaziorodhesha moja moja, kila moja kwa jina lake, kama tulivyofanya 1981.