Kumtolea Mungu Siku Kabla ya Kutoka Nyumbani

Wengi wetu tulifundishwa tangu utotoni kumtolea Mungu siku tunapoamka, tukaishika sala hiyo bila kuuliza ilianzia wapi. Ilianzia katika uchovu wa wanafunzi. Huko Vals, Ufaransa, vijana Wajesuiti waliokuwa masomoni walitamani kwenda upesi katika nchi za misioni, na vitabu vikawachosha. Tarehe 3 Desemba 1844, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri, mlezi wao wa kiroho, Padri Gautrelet, aliwaambia wawe mitume papo hapo walipo: wamtolee Mungu masomo na taabu za kila siku kwa ajili ya wale waliotamani kuwaendea. Ndivyo ulivyozaliwa Utume wa Sala.

Matoleo hayo hayasimami peke yake. Tunayaunganisha na sadaka ya Misa popote inapoadhimishwa siku hiyo. Kwetu jambo hili lina uzito. Katika vijiji vya mbali kati ya Kasongo na Kabambare, waamini huweza kukaa majuma mengi bila kumwona padri, hasa mvua inapoharibu njia. Hata hivyo mama anayekwenda shambani alfajiri, jembe begani, anaiweka siku yake juu ya altare asiyoiona. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha hivyo mwaka 1964: kazi za walei, maisha ya nyumbani, mapumziko, hata taabu zinazovumiliwa, hutolewa kwa Baba pamoja na Mwili wa Bwana.

Lakini si kila kitu hutoleka. Tumfikirie kijana anayeosha dhahabu upande wa Namoya. Asubuhi anafanya ishara ya msalaba na kumtolea Mungu sala, kazi, furaha na mateso ya siku. Anashinda ndani ya maji, mgongo unauma: hayo yote yamekwisha kutolewa, hata saa alizosahau kusali. Jioni akichanganya vumbi jingine na dhahabu yake ili mzigo uwe mzito, sehemu hiyo haikuwamo katika matoleo, kwa maana dhambi haitolewi, huungamwa.

Je, mnunuzi naye akimpunja kwenye mizani? Wako wanaosema kwamba aliyetoa mateso yake anyamaze. Sisi hatukubali. Anatoa uchungu wa kupunjwa, wala haubariki udanganyifu. Anaweza kudai haki yake, kwa maneno ya kweli na bila ngumi, na matoleo yake ya asubuhi yakabaki mazima.

Usiku, kabla ya kulala, anaipitia siku kidogo kidogo: mtoni, njiani, kwenye mizani. Penye kosa anaomba msamaha. Kesho yake anaanza tena, kabla hajashika karai.